Bajaji yangu imekamatwa Kariakoo na abiria wanne. Mwisho ni watatu au wanne, na mjini inaruhusiwa?

ChumaChaMbagala
Wakuu, heshima kwenu.

Nina bajaji niliyoinunua mkononi mwa mtu, ipo kwa kijana wa mkataba huku Mbagala. Juzi kanipigia simu kwamba amekamatwa Kariakoo, watatu nyuma na mmoja kakaa naye mbele. Kaandikiwa makosa mawili: kuzidisha abiria, na kufanya kazi nje ya eneo. Chombo kikalala kituoni mpaka kesho yake.

Kijana anasema kaonewa. Anadai bajaji zote za njia ile zinapakia wanne, na hata kadi ya chombo imeandikwa 4. Anataka faini nilipe mimi kwa vile chombo ni changu, mimi naona mwenye kosa ni yeye. Sasa naomba wenye kujua mnisaidie: abiria ni wangapi kisheria? Bajaji ya Mbagala inaruhusiwa kuingia Kariakoo au hairuhusiwi? Na kwenye mkataba faini ni ya nani?

MlaVichwa
Bosi, karibu kwenye biashara. Bajaji ya watatu ipo kwenye vitabu tu. Kaa pale Rangi Tatu saa 12 asubuhi uhesabu mwenyewe zinavyotoka, ukiona yenye watatu ujue wa nne kashuka njiani.

NjiaPanda77
Mkuu usidanganyike, kijana wako yuko sahihi kabisa. Kadi ikiandikwa 4 maana yake abiria 4, TRA hawawezi kuandika uongo kwenye nyaraka ya serikali. Peleka kadi kituoni wakurudishie hela yako. Faini yenyewe ni 30,000 kwa kila kosa, kwa hiyo wamekula 60,000 yako bure.

Halafu na leseni ya udereva wasikubabaishe. Mwenye daraja D anaendesha bajaji bila shida, ile ni gari ndogo tu.

KaraniMstaafu
NjiaPanda, umeongea mambo matatu na yote matatu yanampeleka mwenzio kubaya. Nimekaa dirishani halmashauri miaka kadhaa nikipokea maombi ya leseni za pikipiki na bajaji, niyaeleze kama nilivyokuwa nikiwaeleza watu pale.

Ile 4 kwenye kadi ni viti vya chombo kizima, dereva akiwemo. Bajaji imetengenezwa kubeba dereva na abiria watatu, na leseni ya kubeba abiria inafuata hivyo hivyo. Ukipeleka kadi kituoni kujitetea, umepeleka ushahidi dhidi yako.

Faini ya 30,000 ni ya magari. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa ikawa 10,000 kwa kosa, kwenye bajeti ya mwaka 2021/22. Hivyo makosa mawili ni 20,000. ChumaChaMbagala, usitoe hata shilingi kwa neno la mtu wa simu. Ingiza namba ya chombo kwenye tms.tpf.go.tz uone kilichoandikwa, kisha ulipe kwa namba ya malipo inayotoka pale. Deni linakaa kwenye namba ya chombo, na ukilichelewesha linaongezeka.

Kuhusu leseni ya udereva, chombo cha magurudumu matatu kina daraja lake, A2. Mwenye D peke yake akikamatwa na bajaji anahesabiwa hana leseni ya chombo hicho. Na hapo kuna hatari kubwa kuliko faini, kwa sababu siku ya ajali mtu wa kwanza kuulizia daraja la dereva ni bima.

Sasa hili la eneo ndilo watu wengi hawalielewi, na nadhani ndilo lililomkuta kijana wako. Kuna leseni mbili hapa. Ya udereva ni ya kijana. Ya usafirishaji ni ya chombo na mwenye chombo. Hii ya pili ilianza kutolewa kwa utaratibu maalumu kupitia kanuni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010, enzi za SUMATRA, na halmashauri zikapewa kazi ya kuitoa kwa niaba yao. Mwaka 2019 SUMATRA ikaondoka ikaja LATRA, na siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wao wa RRIMS. Lakini asili yake haijabadilika: ni leseni ya kukodi, kama ya teksi. Inataja chombo, inamtaja mmiliki, na inataja eneo la kufanyia kazi. Bajaji haipewi njia kama daladala. Inapewa eneo, ndani yake kuna kituo inachoegesha, mteja anakuja anasema anakwenda wapi mnapatana bei.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja. Bajaji umeinunua kwa mtu. Leseni ya usafirishaji uliyonayo ina jina la nani, na imeandikwa wapi?

ChumaChaMbagala
Mkuu KaraniMstaafu, asante sana. Kadi nilishabadilisha jina TRA. Hiyo leseni nyingine sijawahi kuiangalia, ipo kwenye bahasha nyumbani. Aliyeniuzia alinikabidhi akasema ina miezi mingi mbele. Nikirudi jioni nitaitoa niisome.

BabaMapacha_Gongo
Samahani wakuu kwa kuingilia. Mimi nina guta la mizigo, lile la kichwa cha pikipiki na kitanda nyuma. Wamama wa sokoni wananiomba niwabebe na ndoo zao za nyanya alfajiri. Nikipata hiyo leseni ya bajaji naweza kuweka mabenchi nyuma? Nalo ni magurudumu matatu.

KaraniMstaafu
BabaMapacha, hapana. Lako limesajiliwa kubeba mizigo, leseni ya abiria hutapata hata ukiweka makochi. Mama mmoja akianguka na ndoo yake umekwisha.

MlaVichwa
Karani nakuheshimu mzee wangu, lakini leseni ya kukodi unayoisema wewe ni ya watu wa Masaki. Mtu wa Chamazi hana 5,000 ya kukodi bajaji peke yake kwenda kupanda gari Rangi Tatu. Ana 500. Mwenzie ana 500. Wakikaa watatu wanapanda. Hiyo ndiyo bajaji ya uswahilini, inajaza inaondoka.

Sasa niwape hesabu ambayo bosi wangu hataki kuisikia. Tuchukue njia fupi ya nauli 500, safari 24 kwa siku kwenda na kurudi. Vichwa vitatu ni 1,500 kwa safari, siku nzima ni 36,000. Hesabu ya bosi 20,000. Mafuta weka 14,000. Imebaki 2,000. Hapo sijala, sijatoa ya kijiwe, pancha sijaiweka. Nikiweka kichwa cha nne napata 500 mara 24, ni 12,000. Hiyo 12,000 ndiyo mshahara wangu. Watatu wa nyuma wanamlipa bosi na sheli, wa mbele ananilipa mimi.

Sasa mnaposema nimshushe wa nne, mnaniambia nifanye kazi bure.

KaraniMstaafu
MlaVichwa hesabu yako siipingi. Ongeza tu mstari mmoja: faini ni 10,000 na kichwa cha nne ni 12,000 kwa siku. Ndiyo maana faini haimtishi dereva yeyote, hata akiandikwa leo bado siku yake imelipa. Kinachomuuma ni chombo kulala, maana hesabu ya bosi hailali.

Zuhura_wa_Ferry
Na sisi abiria je? Mnapiga hesabu ya vichwa kama kuku wa kwenye tenga.

Niwaambie la kwangu. Mdogo wangu alikaa mbele na dereva, bajaji ikakata kona ghafla kukwepa pikipiki, ikalala ubavu. Yeye kavunjika mfupa wa paja. Watatu wa nyuma walitoka na michubuko. Tulipofuatilia bima, kampuni moja ambayo siitaji, swali la kwanza halikuwa kavunjika wapi. Walitaka kujua kwenye chombo walikuwa wangapi. Tukawaambia wanne. Kuanzia hapo barua zikawa za kuzungushana, mara ripoti ya polisi haijakamilika, mara aliyekaa mbele hakuwa kwenye kiti halali. Mpaka leo hospitali tumelipa wenyewe.

Sasa siku hizi nikiambiwa "dada kaa mbele hapa" nasubiri inayofuata. Wananicheka, wacheke.

FundiKombo
Dada Zuhura pole sana. Mimi ni fundi wa hizi mashine, za Bajaj na za TVS, naomba nieleze kwa nini aliyevunjika ni wa mbele, maana watu wanadhani ni bahati mbaya.

Bajaji ina tairi moja mbele na mawili nyuma. Piga mstari kutoka tairi la mbele kwenda kila tairi la nyuma, unapata pembetatu. Uzito wote ukibaki ndani ya pembetatu hiyo, chombo hakipinduki. Abiria wa kiti cha nyuma wanakaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, ambako pembetatu ni pana. Dereva anakaa katikati, mbele, ambako imeshaanza kubana, lakini yupo kwenye mstari wa kati kwa hiyo anasalimika. Huyo wa nne anakaa mbele na pembeni. Kiti chake, kama kile kinaitwa kiti, kinaning'inia nje ya mstari. Dereva akifunga breki huku anakata kona, uzito wa wote wanne unakimbilia kwenye ile ncha nyembamba, na aliyekaa upande wa nje anaivuta mashine imfuate.

La pili ni mikono. Gia na klachi zipo mkono wa kushoto, moto upo mkono wa kulia, na usukani ni wa mpini kama pikipiki, hivyo lazima viwiko vipate nafasi ya kwenda na kurudi. Mtu akikaa kushoto, dereva anabadilisha gia kiwiko kikiwa tumboni mwa mtu. Kona ya kawaida anaiweza. Kona ya dharura mpini unagonga goti la abiria unaishia katikati. Nimeletewa nyingi zilizopinduka namna hiyo, dereva anakwambia "usukani ulikataa".

Bosi mwenye uzi, unaweza kujua kama kijana wako anabeba wa nne hata asipokwambia. Angalia pembeni ya kiti cha dereva kama kuna bomba limechomelewa au sponji imeongezwa ikashonewa kitambaa cha rangi nyingine. Angalia rangi ya bodi usawa wa magoti kama imekwanguka. Halafu shika tairi la mbele ukilitikisa: mashine inayobeba wa mbele kila siku, beringi za shingo ya usukani zinalegea mapema na shokapu ya mbele inavuja mafuta kabla ya muda wake. Na hiyo bili, bosi, unailipa wewe.

NjiaPanda77
Fundi hapo umenena. Mimi nilikuwa naongelea sheria lakini.

Ila bado nauliza, kama ni hatari hivyo mbona trafiki wanaziona kila siku Kilwa Road wanaziacha?

MlaVichwa
Hawaziachi zote. Wanaacha zinazojua kusalimia.

MzeeWaMumbai
Habarini. Mimi niliwahi kukaa Mumbai nikimuuguza ndugu yangu, na hii hoja ya mjini kuingia au kutoingia imenikumbusha kule.

Kule bajaji ndiko kwao, zimejaa kila kona, nyeusi na njano, zina mita. Lakini haziingii Mumbai ya kusini hata moja. Upande wa magharibi mwisho wao ni Bandra, upande wa mashariki mwisho ni Sion. Ukifika hapo unashuka, unachukua teksi au treni. Nilishangaa mwanzoni kwa sababu tulikuwa tunatoka upande wa kaskazini kwenda hospitali ya kusini, dereva akasimama akaniambia basi, mwisho hapa. Nikamwongezea hela akakataa kabisa. Watu wote wanajua mstari upo wapi, dereva anajua, polisi anajua, mgeni anajulishwa siku ya kwanza.

Hapa kwetu mstari upo wapi? Ndiyo swali langu. Nikiuliza madereva wanne napata majibu manne.

KaraniMstaafu
MzeeWaMumbai umegusa penyewe. Dar zuio la katikati ya jiji limekuwa likija kama tamko la mkoa. Mwaka 2014 bodaboda, bajaji na maguta zilizuiwa kuingia katikati ya jiji, kukawa na kamatakamata kubwa, na baada ya hapo limekuwa likikazwa na kulegezwa. Akija kiongozi mwenye msimamo wanakimbizwa, akihama wanarudi. Dereva aliyeanza kazi juzi hajui kuna zuio, wa zamani anajua lakini anabahatisha. Mtaa huu wanakamata, ule wa pili wamejipanga kijiwe na benchi wameweka.

Kwa hiyo ChumaChaMbagala, usichanganye mambo mawili. Zuio la mjini ni jambo moja, na eneo lililoandikwa kwenye leseni yako ni jingine. Hata mjini kukiwa kumelegezwa, leseni ya Temeke haikupi ruhusa ya kuegesha Kariakoo na kupakia, kwa sababu Kariakoo ni Ilala. Kumpeleka mteja aliyekukodi kutoka Mbagala, ukamshusha na kurudi tupu, wakaguzi wengi huwa hawana neno. Wanachokitafuta ni yule anayejaza kule kurudi huku. Kijana wako alikuwa anakwenda au anarudi?

Na kuna la tatu ambalo vijana wanalichanganya na hayo: barabara ya mwendokasi. Ile hata uwe na leseni ya eneo gani huingii. Hilo halina tafsiri.

MwanaKigurudumu
Naomba niongezee kwenye mjini, kwa sababu mimi ni mlemavu wa miguu na naendesha bajaji.

Zuio lile lilipokuja sisi tulipiga kelele sana, kwa sababu kwa wengi wetu bajaji siyo biashara tu, ndiyo miguu yenyewe. Tukaruhusiwa kuingia katikati, bajaji za walemavu. Lakini kilichofuata ni kituko. Wazima wakaanza kutafuta bajaji zetu kwa kukodi, mwenye chombo ni mlemavu kwenye karatasi, anayeendesha anakimbia mbio kuliko wewe. Wakikamatwa, tunaosimamishwa na kuambiwa "shuka tukuone" ni sisi. Nimeshashushwa juani barabarani nikiwa na gongo ili nithibitishe ulemavu wangu mbele ya abiria.

Mimi sina shida na kuwa na mstari kama wa huko Mumbai. Nina shida na ruhusa ya mdomo.

ChumaChaMbagala
Mkuu pole sana, hili sikulijua.

Wakuu, nimeitoa leseni kwenye bahasha. KaraniMstaafu kama ulikuwa unaiona. Jina ni la yule aliyeniuzia. Eneo imeandikwa Ubungo. Na muda wake umeisha, ile "miezi mingi mbele" ilikuwa hadithi.

Nimempigia kijana nikamuuliza kwa upole alikuwa anakwenda au anarudi. Kumbe alikuwa anarudi. Alimpeleka mteja na mizigo, akaona asirudi tupu, akajaza wanne wa Mbagala.

KaraniMstaafu
Basi kesi yako imefunguka. Hata angekamatwa Rangi Tatu mbele ya nyumba yako, kosa la eneo lingekuwepo, kwa sababu chombo cha Ubungo kinafanya kazi Temeke. Na kiuhalisia huna leseni kabisa, kwa sababu ile haihami na chombo kinapouzwa. Ukinunua bajaji unaanza upya kwa jina lako.

Utaratibu haukuchoshi. Kadi tayari ina jina lako, hilo lilikuwa gumu na umelimaliza. Hakikisha TIN yako ipo na bima ni hai. Usiangalie stika peke yake, hakiki namba kwenye TIRA MIS uone kama inasoma, na uone imekatwa ya biashara ya abiria au ya matumizi binafsi. Watu wengi wanakata ya binafsi kwa kuwa ni nafuu. Halafu ndio unaomba LATRA, kwenye mfumo au ofisini kwao ukiona mfumo unakusumbua, na eneo unaandika Temeke. Kabla ya hapo nenda kijiweni atakapoegesha, zungumza na viongozi wa kituo wakutambue. Kwenye karatasi siyo kikubwa, lakini chombo kisichotambuliwa na kijiwe kitapigwa majungu mpaka kikamatwe.

Angalia pia namba ya chombo. Kama bado ni ya njano, ni ya binafsi, na biashara inataka nyeupe.

ChumaChaMbagala
Namba nyeupe, hapo nimepona.

Mchuma_Mwanjelwa
Nawasoma kutoka Mbeya. Nyie mnabishana kama bajaji ni ya kukodi, huku kwetu hiyo hoja ilishapitwa zamani. Huku bajaji ndiyo daladala. Unatoka Kabwe unakwenda Soweto, unapanda bajaji kwa nauli ya kichwa, na siyo kwa kujificha. Daladala wamewahi kugoma wakapaki magari kwa sababu bajaji zimewamaliza njiani. Kila mgomo vikao vinafanyika, mipaka inawekwa, bajaji zisipite barabara kuu kwenye njia za daladala zilishe tu kutoka mitaani, wiki zinapita na mambo yanarudi palepale.

Mimi nasema LATRA wakubali ukweli, wazipe bajaji njia fupi za mitaani ambako daladala haziendi, zikae na nauli iliyotangazwa. Mtu akipanda anajua ni watatu na bei ni hii.

KaraniMstaafu
Wazo lako nalikubali nusu. Ukiipa njia na nauli iliyotangazwa, mwenye chombo atapandisha hesabu kesho yake kwa sababu sasa ana uhakika wa abiria. Na dereva atarudi kwenye kichwa cha nne. Hesabu ya bosi hakuna kanuni inayoigusa, hayo ni makubaliano ya watu wawili.

MlaVichwa
Leo mzee umesema kweli tupu. Andika kwa herufi kubwa.

Salma_Likoni
Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Huku Mombasa sisi twaita tuktuk, namba zao waziona zaanza na KTW. Leseni ya dereva huku ni daraja A3, moja na ya bodaboda wanaobeba abiria, kwa hivyo mkija na hiyo A2 yenu msidhani ni ile ile. Abiria ni watatu vilevile. Na wa mbele yuko vilevile pia, hasa jioni kuelekea Ferry. Mimi niliyekuja kusoma nikidhani Tanzania mmepata dawa, naona ni shida ile ile.

Deiwaka_Tandika
Mimi ni deiwaka, sina bajaji wala mkataba, naendesha mwenye chombo akipumzika. Mnaongelea bosi na dereva, sisi hamtuoni. Deni la faini likikuta chombo, mwenye mkataba anamwambia bosi ni deiwaka. Nimeshalipishwa makosa ya siku ambayo nilikuwa msibani. Sasa kila nikikabidhiwa naingiza namba kwenye simu napiga picha ya deni lilivyo, na jioni napiga tena.

NjiaPanda77
Hilo la picha zuri sana, nimelichukua.

Mleta uzi, turudi kwenye swali lako la tatu. Mkataba wenu uliandikwa au wa mdomo?

ChumaChaMbagala
Uliandikwa kwa serikali ya mtaa, mashahidi wawili. Umeandikwa "makosa ya barabarani ni ya dereva". Analeta 20,000 kwa siku, Jumapili ni yake, akimaliza muda chombo kinakuwa chake.

KaraniMstaafu
Kwa maandishi hayo kuzidisha abiria ni lake, 10,000. La eneo ni lako wewe, kwa sababu leseni ya chombo ni wajibu wa mmiliki na kijana hana namna ya kuiomba kwa jina lake wakati kadi ni yako. Siku chombo kilipolala mgawane, hayo ni maoni yangu tu, siyo sheria.

Na uongeze mstari kwenye mkataba kwamba leseni na bima vikiisha muda, hesabu inasimama mpaka uvihuishe. Utaona utakavyokumbuka tarehe.

MlaVichwa
Na hiyo 20,000 vipi? Bosi, umeona hesabu yangu pale juu. Ukimwambia asibebe wa nne na ukaendelea kudai 20,000, unamwambia akabebe wa nne usipoona.

ChumaChaMbagala
Nimeiona mkuu, na usiku imenikosesha usingizi kidogo. Nikishusha kwenda 15,000, muda wa mkataba itabidi urefuke, na mimi chombo nilikinunua kwa mkopo wa kikundi, marejesho hayashuki. Kijana naye hataki muda urefuke. Tumekaa jana tumeongea, hatujaelewana. Yeye anasema nimwachie wa nne saa za asubuhi tu. Nimemwambia hapana, akanyamaza.

Nilikwenda pia kuiangalia mashine kama alivyosema FundiKombo. Bomba lipo, limechomelewa upande wa kushoto, na sponji juu yake. Kijana anasema aliikuta hivyo. Inawezekana, maana mimi wakati nanunua nilitazama injini tu. FundiKombo, kulikata bomba hilo ni kazi ya bei gani, na bodi haitaharibika?

FundiKombo
Kulikata ni kazi ya dakika chache na diski ya grainda, wala haikumalizi mfuko. Lakini mwambie fundi asikate kwa kushindilia kwenye sakafu, hapo chini nyaya na kebo za gia zinapita. Atoe kwanza zulia la plastiki achungulie. Akimaliza apige primeri na rangi siku hiyo hiyo, bodi ya bajaji ikishika kutu pale inaoza mpaka kwenye pedeli ya breki.

Na hizo beringi za usukani ulizitikisa?

ChumaChaMbagala
Nilizitikisa. Zinacheza.

FundiKombo
Basi fanya vyote siku moja. Usimpe mashine mpaka beringi zibadilishwe, hata kama ni watatu.

BabaMapacha_Gongo
Wakuu, na nikiwabeba wale mama bila kuwatoza nauli, nikawa nalipwa ya ndoo tu?